HCl ya 10⁻⁸ M, kalkuleta inasema pH ni 8. Asidi inakuwaje besi?

mtoto_wa_PCB

Wakuu habari za jioni, naomba msaada maana huku bwenini tumegawanyika kabisa. Kwenye mtihani wa majaribio kulikuwa na kaswali kadogo tu, tafuta pH ya HCl yenye konsentresheni 10⁻⁸ M kwenye nyuzi 25. Mi nikafanya kama tulivyozoea, HCl ni asidi kali, inaachia haidrojeni yake yote, kwa iyo H⁺ ni 10⁻⁸, ukibonyeza logi ukaweka hasi inakuja 8. Sasa 8 si ni upande wa besi? Mwenzangu mmoja kaandika 6.98, mwingine 6.96, na msahihishaji aliyempa tiki ni yule wa 8. Nimeangalia kwenye madaftari ya kaka zetu waliotangulia hesabu imefanywa ivo ivo. Kalkuleta haijakosea, fomula haijakosea, afu jibu haliingii akilini. Naombeni mnieleweshe shida iko wapi, sitaki jibu tu la kukariri.

Injinia Mtarajiwa

Dogo jibu la 8 ni kosa, usilikubali hata kama limepewa tiki. Umesahau kuwa ile asidi umeiweka kwenye maji, na maji yenyewe yana H⁺ zake 10⁻⁷ hata kabla hujaweka kitu. Kwa iyo unajumlisha, za maji 10⁻⁷ na za asidi 10⁻⁸, jumla 1.1 × 10⁻⁷, chukua logi unapata 6.96. Ni sawa na una laki mfukoni nikakuongezea elfu kumi, unakuwa na laki na elfu kumi, huwezi kujikuta na elfu kumi peke yake. Aliyeandika 6.96 ndo yuko sahihi, funga mjadala.

mtoto_wa_PCB

Asante kaka, ya kujumlisha imeniingia. Ila sasa 6.98 imetoka wapi? Maana aliyeandika ndo huwa anatuongoza kwenye kemia na alitumia ekwesheni ya kwadratiki ukurasa mzima.

Mzee Byureti

Injinia uko nusu ya njia, na nusu uliyofika ni ile ya muhimu, kwamba maji yana H⁺ zake. Lakini mjadala usiufunge, kwa sababu hiyo laki iliyomo mfukoni haibaki laki ukishaongeza elfu kumi. Inapungua. Ngoja nieleze taratibu, nimekaa maabara ya maji miaka mingi na hili swali vijana wanaokuja mafunzo huwa linawasumbua wote.

Kwanza tuachane na vipeo maana ndo vinavyoficha mambo. Tutumie nanomoli kwa lita. 10⁻⁷ M ni nanomoli 100, na 10⁻⁸ M ni nanomoli 10. Maji safi kwenye nyuzi 25 yana H⁺ 100 na OH⁻ 100, zote zimetoka kwenye molekuli za maji zilizovunjika, ndo maana zinalingana. Zidisha 100 kwa 100 unapata 10,000. Hiyo 10,000 ndo Kw yenu mnayoiandika 10⁻¹⁴, namba ile ile tu kwenye vipimo vingine. Na hiyo ndo maji hayaiachi, ukiongeza asidi au besi yoyote, zao la H⁺ na OH⁻ litarudi pale pale kwenye 10,000 mradi joto halijabadilika.

Sasa weka HCl nanomoli 10. Zinaingia H⁺ 10 na Cl⁻ 10. Kwa hesabu ya Injinia sasa tuna H⁺ 110 na OH⁻ bado 100. Zidisha: 11,000. Imezidi. Maji hayawezi kukaa hivyo, kwa iyo baadhi ya H⁺ zinakamatana na OH⁻ zinarudi kuwa maji, moja kwa moja, mpaka zao lishuke kwenye 10,000. Zinapotea karibu 4.9 kila upande. Unabaki na H⁺ 105.1 na OH⁻ 95.1. Chukua kalkuleta uzidishe uone. Afu irudishe hiyo 105.1 kuwa 1.051 × 10⁻⁷ M, chukua logi uweke hasi, ndo inakupa pH 6.98.

mtoto_wa_PCB

Shikamoo mzee. Daah hii ya nanomoli sijawahi kuona mahali. Sasa hiyo 4.9 umeipataje, ndo ile kwadratiki au kuna njia nyingine?

Mzee Byureti

Marahaba mwanangu. Ndo hiyo kwadratiki, ila ukijua inasema nini huhitaji ukurasa mzima. Angalia, kwenye huo mchanganyiko kuna vitu vitatu tu vyenye chaji: H⁺, Cl⁻ na OH⁻. Chupa nzima haina umeme, kwa iyo chanya lazima zilingane na hasi. H⁺ = Cl⁻ + OH⁻. Cl⁻ tunaijua, ni 10, haiendi popote, haiungani na kitu. Kwa iyo H⁺ inazidi OH⁻ kwa 10 kamili, hata zikiungana vipi maana zinapungua moja kwa moja pande zote mbili na tofauti inabaki ile ile.

Swali lenu lote basi ni hili: tafuta namba mbili zinazopishana kwa 10, na ukizizidisha zinatoa 10,000. Basi. Moja ni 105.1 na nyingine 95.1. Kwadratiki ni njia ya kuzitafuta tu: x² − 10x − 10,000 = 0. Mzizi wa chanya ndo H⁺ yako.

Na hapo hapo utaona kwa nini 8 haiwezekani kabisa. pH 8 maana yake H⁺ ni 10 na OH⁻ ni 1,000. Mizani ya chaji ingekuwa chanya 10 kwa hasi 1,010. Hizo OH⁻ 1,000 zimetoka wapi, nani kaziweka? Na ni nani anayezisawazisha? Hakuna sodiamu humo, hakuna kitu. Msahihishaji aliyetia tiki kwenye 8 kakubali chupa yenye chaji hasi isiyo na mwenzake.

mwanafizikia254

Hapo kwa chaji ni poa sana. Mimi huwa nawaambia wanafunzi wangu pia waulize hii kitu inatokea aje kwa kasi, si tu kwa hesabu, maana wengi wanaamini Kw ni sheria imeandikwa mahali na maji yanaitii. Molekuli za maji zinavunjika kwa kasi ambayo ni kama haibadiliki, sababu lita moja ina moli 55 na zaidi za maji, hata ukiongeza asidi kidogo idadi ya zinazoweza kuvunjika haisongi. Lakini kurudiana kunategemea H⁺ na OH⁻ kupatana. Ukiongeza H⁺, kila OH⁻ inakamatwa mapema zaidi, kwa hivyo OH⁻ zinapungua mpaka zinazokamatwa kwa sekunde zilingane tena na zinazozaliwa. Hiyo tu. Manfred Eigen alipima hiyo kasi ya kurudiana miaka ya 1950 na akapata Nobeli ya kemia ya 1967 kwa kazi ya aina hiyo, na ukitumia namba yake unapata molekuli moja ya maji inangoja kama masaa 11 hivi kwa wastani kabla haijavunjika. Ni nadra sana kuvunjika, ila ziko nyingi mno ndio sababu hizo nanomoli 100 hazikosekani.

Kwa hivyo bwana Injinia, ile 100 ya maji haikuwa akiba imewekwa, ni kitu kinazaliwa na kufa kila wakati, ukiingiza asidi unabadilisha vifo.

Injinia Mtarajiwa

Sawa nimewasoma, ila wakuu kati ya 6.96 na 6.98 kuna tofauti gani ya maana? Alama 0.02, mita za shuleni zenyewe hazisomi hivyo. Kwenye uhandisi tunasema inatosha. Mi naona 6.96 apewe maksi zote, wazo kubwa kalipata.

Mzee Byureti

Maksi ni kazi ya msahihishaji, mi siingii. Ila ukisema inatosha uwe umejaribu njia yako mahali inapobanwa. Chukua HCl ya 10⁻⁷ M, yaani nanomoli 100. Kwa kujumlisha unapata 200, pH 6.70. Kwa njia ya namba mbili, zinazopishana kwa 100 na kuzaa 10,000, unapata 161.8 na 61.8, pH 6.79. Hapo tofauti ni karibu 0.1, mita ya kawaida ya maabara inaiona. Na mwanafunzi anayesema pH ni logi ya asidi tu atapata 7.00 kamili, yaani kaweka asidi na hakuna kilichobadilika.

Tena sogea juu kidogo, 10⁻⁶ M, nanomoli 1,000. Namba mbili ni 1,009.9 na 9.9. pH 5.996, unaandika 6.00. Huko mazoea yenu ya kubonyeza logi moja kwa moja yanafanya kazi vizuri kwa sababu asidi imeyabana maji mpaka mchango wake umebaki chini ya asilimia moja. Ndo maana kwa 0.1 M au 0.01 M hamjawahi kuyaona maji. Yapo, yamefunikwa.

Ukishuka 10⁻⁹ ni 100.5 na 99.5, pH 6.998. Kadri unavyozimua unaisogelea 7 kutoka chini, huivuki.

binti wa Ilala

Mzee samahani naingilia, mi nilisoma EGM kemia niliiacha fomu foo, lakini nimesoma uzi mpaka hapa na nimeelewa. Swali langu, kama ni H₂SO₄ badala ya HCl? Si inatoa haidrojeni mbili?

Mzee Byureti

Swali zuri dada. Kwa uzimuaji huo zote mbili zinatoka, hata ile ya pili ambayo kwenye asidi nzito huwa inasita. Kwa iyo 10⁻⁸ M ya H₂SO₄ inaleta chaji hasi 20, namba zinapishana kwa 20: 110.5 na 90.5. pH ni 6.96. Yaani jibu la Injinia lingekuwa sahihi kama swali lingekuwa la salfuriki.

Gereji Tabata

Habari wadau. Nimekuwa nafuatilia kimya kimya, hapa nimepata faraja maana nina gereji na asidi ya betri mbovu inanijaa kwenye madumu. Kama nimeelewa mnasema asidi ukiizidishia maji sana inaisha inakuwa nyutro, maji yanaiua. Kwa iyo nikichukua dumu la lita 20 nikamiminia maji ya bomba kwenye pipa naweza kumwaga mtaroni bila shida? Nimechoka kuwalipa watu wa kuja kuchukua.

Mzee Byureti

Hapana kaka, usimwage, na naomba usome vizuri hapa. Maji hayaui asidi. Ile Cl⁻ 10 tuliyoiweka bado ipo 10, na H⁺ bado inazidi OH⁻ kwa 10 ile ile. Kilichotokea ni kwamba asidi imetawanywa mpaka imekuwa ndogo kuliko kile ambacho maji yanajitengenezea yenyewe. Kuna tofauti kubwa kati ya kitu kufichika na kitu kuisha.

Afu piga hesabu ya maji utakayohitaji. Lita moja tu ya HCl ya 1 M, ili uifikishe pH 6 kwa maji safi peke yake, inataka lita milioni moja. Ni matangi 100 ya lita elfu kumi. Asidi ya betri ni kali kuliko hiyo mara kadhaa, na wewe una dumu zima la lita 20. Pipa lako litabaki na pH ya 1 au chini ya hapo. Maji ya bomba yanasaidia kidogo kwa sababu yana bikaboneti, ambayo hiyo kweli inakula asidi, lakini kwa pipa moja ni kama hujafanya kitu. Kinachoiua asidi ni besi, magadi soda au chokaa, na hata hiyo haiondoi risasi iliyomo kwenye asidi ya betri, ambayo kuzimua hakuipunguzi hata chembe. Endelea kuwalipa wanaochukua, hakikisha tu wana kibali.

Gereji Tabata

Sawa mzee nimekuelewa. Hiyo ya risasi sikuifikiria.

Duka la Spea Moro

Mzee na mimi nina langu linalofanana. Nauza maji ya betri, yale distilwota, nanunua kwenye madumu afu napaki chupa za lita moja. Kuna mteja fundi kaja na kale kamita ka pH ka kalamu, kachovya, ikasoma 5.8, kaniambia nauza maji yenye asidi, kaondoka ananisema kwa wenzake. Mi najua maji yangu ni safi, muuzaji wangu simtilii shaka. Sasa nikisoma hapa mnasema maji safi ni 7, na hata ukiweka asidi kidogo yanabaki karibu na 7, nimezidi kuchanganyikiwa. 5.8 imetoka wapi?

Mzee Byureti

Aah, hili ndo nilikuwa nalisubiri mtu alilete, kwa sababu swali la mtihani lina kitu kinachokosekana na wewe umekigusa. Ni hewa.

Kila tulichohesabu juu hapo ni maji ambayo hayajawahi kukutana na hewa. Maji safi yakikaa wazi yanavuta kaboni dayoksaidi, inageuka asidi dhaifu humo ndani, na baada ya muda pH inatulia kwenye 5.6 hivi. Kwenye vipimo vyetu ni H⁺ karibu 2,500. Linganisha na ile asidi ya mtihani iliyoongeza 5 tu juu ya 100. Hewa ya dukani kwako inaweka H⁺ nyingi kuliko swali zima la huyu kijana.

Kwa iyo 5.8 kwenye chupa iliyofunguliwa siyo dalili ya maji mabaya. Tena ningeshtuka zaidi kama yangesoma 7.5, hapo ningeuliza ni nini kimeingia. Maji yaliyosafishwa sana hayana chochote cha kuzuia pH isiyumbe, kitu kidogo kinayasogeza.

Kipimo cha haki kwa maji ya betri siyo pH, ni konduktiviti, jinsi yanavyopitisha umeme. Maji safi kabisa yasiyo na hewa ni maikrosimensi 0.055 kwa sentimita kwenye nyuzi 25, na hiyo kidogo inatokana na hizo hizo H⁺ 100 na OH⁻ 100. Kohlrausch na Heydweiller walilifikia hilo Ujerumani mwaka 1894 kwa kusafisha maji na kuyapima ndani ya vyombo vilivyotolewa hewa, na ndo ilikuwa moja ya njia za mwanzo za kujua maji yanavunjika kwa kiasi gani. Yakikaa na hewa yanapanda mpaka karibu 1. Mwambie fundi wako aje na mita ya konduktiviti badala ya ile kalamu.

mtoto_wa_PCB

Mzee sasa umenitisha. Ina maana hiyo HCl ya 10⁻⁸ nikiitengeneza maabara ya shule nikaipima sipati 6.98?

Mzee Byureti

Hupati. Ukianza na 0.1 M, ukachukua mililita 1 ukajaza mpaka 100, unapata 10⁻³. Ukirudia hivyo, 10⁻⁵. Afu mililita 1 ya hiyo kwenye lita moja, 10⁻⁸. Kwenye karatasi ni nyepesi. Ila kwenye lita hiyo umeweka HCl yenye uzito wa maikrogramu 0.36. Chupa ya glasi ya kawaida inaachia sodiamu na besi zake kwenye maji, kidole chako kikigusa mdomo wa chupa kinaacha chumvi nyingi kuliko hiyo, na hewa nimeshasema. Utapima utapata 5.7 au 5.9, afu ukijaribu maji yenyewe bila asidi utapata hiyo hiyo. Ukiongeza nanomoli 10 kwenye maji yaliyokwisha shiba hewa pH inashuka kama 0.001 tu, hakuna mita ya shule itakayokuonyesha.

mwanafizikia254

Na electrodi yenyewe inasumbua. Kwa maji haya hakuna ioni za kutosha kubeba umeme, kwa hivyo usomaji unatembea tu, unangoja dakika nyingi na bado namba inasonga, halafu ile KCl ya ndani ya electrodi inavuja kidogo kidogo kwa sampuli. Ukiikoroga inasema kitu kingine, ukiacha kukoroga inarudi. Ukiona hivyo usiandike namba ya mwisho uliyoiona, ni bahati tu.

Kuna watu wanaongeza KCl safi kidogo kwa sampuli ndio electrodi itulie. Mimi naona ni sawa, chumvi hiyo si asidi wala besi.

Mzee Byureti

Hapo ndugu yangu wa Nairobi tutapishana. Kwa maji ya boila au maji ya mvua nakubali, tunafanya. Lakini kwa kitu cha nanomoli 10 hiyo KCl lazima iwe safi kupita kiasi, uchafu mdogo wa asidi au besi ndani ya chumvi unazidi unachokitafuta. Isitoshe ukishaweka ioni nyingi ile Kw ya konsentresheni yenyewe inasogea kidogo, kwa iyo unapima maji mengine, siyo yale ya swali.

mwanafizikia254

Kusogea ni kweli lakini inahesabika, si siri. Na usafi wa KCl unaweza kuupima kwa kuweka kiasi tofauti tofauti uone kama usomaji unafuata chumvi. Mimi ningeendelea na KCl, ila ndani ya chombo kilichofungwa na naitrojeni inapita juu, bila hiyo naitrojeni yote ni kazi bure.

Mzee Byureti

Naitrojeni tunakubaliana. La KCl nakuachia.

Injinia Mtarajiwa

Swali la mwisho kwangu. Mnasema zote zinaisogelea 7 na haziivuki. Sasa kazini nilipofanya mafunzo, maji ya boila yaliyokuwa bado ya moto yalisoma 6.5 na wakasema hayana asidi kabisa. Mi nilidhani mita mbovu.

mwanafizikia254

Mita inaweza kuwa nzima. Joto likipanda maji yanavunjika zaidi. Kwa nyuzi 60 lile zao si 10,000 tena, ni kama 96,000, kwa hivyo maji safi yana H⁺ 310 na OH⁻ 310, na pH yake ni 6.5. Bado ni nyutro, maana nyutro ni H⁺ kulingana na OH⁻, si namba 7. Saba ni ya nyuzi 25. Lakini angalia pia kama mita yenu ilikuwa imewekwa sawa kwa joto hilo, na kama hayo maji yalikuwa yameshika hewa, sababu 6.5 inaweza kutoka kwa njia zaidi ya moja na kwa namba peke yake huwezi kujua ni ipi.

Injinia Mtarajiwa

Hapo sijui walivyoiweka. Nitauliza.

mtoto_wa_PCB

Wakuu nimejaribu upande wa pili nione kama nimeelewa. NaOH ya 10⁻⁸ M. Chanya ni H⁺ na Na⁺ 10, hasi ni OH⁻ peke yake, kwa iyo OH⁻ inazidi H⁺ kwa 10. Namba ni zile zile ila zimebadilishana, OH⁻ 105.1, H⁺ 95.1, pH 7.02. Na kwa njia ya zamani ningepata pOH 8, pH 6, yani sodiamu haidroksaidi inakuwa asidi. Nipo sawa?

Mzee Byureti

Uko sawa kabisa. Na umeona mwenyewe bila kuambiwa kuwa mizani ya chaji ndo inayoamua nani azidi, siyo kalkuleta. Kwenye mtihani andika mstari wa chaji kwanza, afu mstari wa Kw, afu ndo uunganishe. Msahihishaji akikupa sifuri unayo hoja ya kumpelekea.

binti wa Ilala

Dogo mpelekee na hilo swali la chaji, muulize OH⁻ 1,000 zimetoka wapi.

mtoto_wa_PCB

Kesho naenda nalo na karatasi yangu.

Duka la Spea Moro

Wadau nimerudi. Nimeazima mita ya konduktiviti kwa jamaa wa maji ya kunywa. Chupa niliyofungua sasa hivi imesoma 1.3, chupa ya mwenzangu wa duka la pili imesoma 38. Zote zimeandikwa distilwota. Ya kwangu 1.3 ni nzuri au nina shida?

Mzee Byureti

Ya kwako iko vizuri, ni maji safi yaliyopata hewa, hakuna la zaidi. Hiyo ya 38 siyo kazi ya hewa, hewa peke yake haifikishi huko, mna chumvi humo, pengine dumu lilikuwa na maji ya bomba au halikusuuzwa. Usiweke kwenye betri. Na ukipima tena suuza kikombe cha mita na maji yale yale unayotaka kupima, mwaga, afu ndo ujaze ya kusoma.

Duka la Spea Moro

Sikukisuuza, nilianza na ya mwenzangu afu nikaja ya kwangu. Ngoja nirudie.